Kutoka kiwiko hadi kiwiko: ninavyosafiri Kampala bila kuona

Mimi sioni. Natofautisha mwanga na giza tu, na kazi yangu ya kufundisha breli hunitoa Dar es Salaam kwenda Kampala karibu kila mwaka. Safari ya kwanza ilinifundisha kwamba shida haiko njiani sana. Iko pale mtu mmoja anapokuachia na mwingine hajakupokea.

Siku ile nilimwambia wa tiketi, "Sioni, naomba msaada," nikadhani yamekwisha. Tuliposhuka Entebbe nikaletewa kiti cha magurudumu. Miguu yangu ni mizima, lakini nilikuwa mgeni, nikakaa. Ukisukumwa kwenye kiti fimbo nyeupe haina kazi: huhesabu hatua, hujui umekata kona ngapi. Nikafikishwa kwenye mabegi, mhudumu akasema anarudi sasa hivi, akaenda kumchukua abiria mwingine. Nikabaki pale dakika arobaini nikisikiliza mkanda wa mabegi mpaka ukazimwa. Mwenyeji wangu alikuwa nje, hapati ruhusa ya kuingia, na laini yangu ya Tanzania haikushika mtandao.

Tangu hapo siombi "msaada" tu. Napiga simu kwa shirika la ndege mapema, isipungue saa 48 kabla ya safari, nawaambia waandike BLND kwenye tiketi yangu, wasiandike WCHR. Hizo ni alama za mashirika ya ndege. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi lakini mwendo mrefu anahitaji kiti. BLND ni asiyeona. Mtu wa simu asipozijua, namwambia kwa maneno: nataka mtu wa kutembea nami, sitaki kiti. Kisha namwomba anisomee alichoandika. Siku ya safari, kaunta ya Dar, nauliza tena kama ujumbe huo unaonekana na kama Entebbe wameupata. Mara moja haukuwepo kabisa. Yule dada wa kaunta akauandika palepale na mambo yakaenda.

Ndani ya ndege sisi huingizwa mwanzo na kushuka mwisho. Ndiyo maana anayekungoja nje lazima ajue kwamba utatoka watu wakiwa wamekwisha, asije akadhani hukupanda. Nami nikielekea kitini nagusa migongo ya viti, nahesabu safu kutoka mlangoni. Hesabu hiyo siiachii mtu mwingine.

Mwongozaji wangu wa Kampala nilimpata kwa mwalimu mwenzangu. Ni kijana Mnubi wa Bombo, kaskazini kidogo ya jiji, na Kiswahili amekulia nacho. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu anayekuelekeza kwa lugha ya kukisia hukwambia "hapo, hapo" nawe uko ukingoni mwa mtaro. Kabla ya kukubaliana nilimuuliza kwa simu swali moja: "Tukifika kwenye ngazi utafanyaje?" Akajibu, "Nitasimama, mwalimu, halafu nikuambie kama ni za kupanda au za kushuka." Wengi hujibu kwamba watanishika vizuri nisianguke. Anayekushika na kukusukuma mbele anakutanguliza wewe kwenye hatari. Mimi ndiye namshika yeye, juu kidogo ya kiwiko, niko nyuma yake nusu hatua. Mwili wake ukishuka, mkono wangu unajua kabla ya mguu. Njia ikiwa nyembamba anarudisha mkono nyuma ya mgongo wake, nami naingia nyuma yake moja kwa moja. Katikati ya Kampala, penye mitaro isiyofunikwa na boda zinazopanda hadi njia ya waenda kwa miguu, ishara hiyo tunaitumia kila baada ya hatua chache.

Malipo tulipatana kwa siku, chakula na nauli juu yangu. Boda hatupandi: yeye akiwa kwenye yake na mimi kwenye yangu, tayari tumeshaachana. Tunakodi gari, wenyewe wanaita spesho, kwa sababu Kampala ukisema teksi utaletewa ile ya kujaza watu. Dereva wetu ni askari mstaafu, na Kiswahili chake cha jeshini hakina kona: "Gari liko kushoto kwako, mlango wa nyuma, uko wazi." Kauli kama hiyo inanitosha kabisa.

Kwenye makabidhiano ya Entebbe nina karatasi yenye namba ya kijana huyo, imeandikwa kwa herufi kubwa. Mhudumu wa uwanja namwomba asiniache hadi ampigie na amwone. Begi langu lina kipande cha kitenge cha manjano kwenye mpini, kwa hiyo hahitaji kunifungulia mabegi meusi kumi. Nje, kabla sijahamisha mkono, kijana anataja neno tulilokubaliana kwenye simu. Wako wanaokuja na "nimetumwa nikuchukue", na sauti ya mtu uliyezungumza naye kwa simu tu ni rahisi kuikosea penye kelele.

Hotelini ndipo nilipopata somo ambalo hakuna aliyenionya. Safari ya kwanza nilijifunza chumba changu vizuri sana. Nilisimama mgongo mlangoni, hapo ndipo nyumbani kwangu, kisha mkono wa kulia ukafuata ukuta: kabati, mlango wa bafu wenye kizingiti, halafu kitanda. Nikarudi mlangoni nikaanza upya kwa mkono wa kushoto: meza, kiti, dirisha. Jumla dakika ishirini, nikajirekodi kwenye simu. Safari ya pili nikapewa chumba cha jirani, nikaambiwa ni kilekile. Usiku nikaamka kwenda bafuni, nikapiga paji la uso kwenye kabati.

Kilikuwa kilekile, ila kimegeuzwa. Hoteli nyingi hujenga vyumba viwili vinavyopakana bafu kwa bafu, ili mabomba yapite ukuta mmoja. Kilichokuwa kulia kwako, kwa jirani kiko kushoto. Rekodi yangu yote ilikuwa sahihi, na yote ilikuwa kinyume. Siku hizi naomba namba ya chumba kilekile wakati wa kuweka nafasi. Kikiwa na mtu, naomba kinachofuata baada ya jirani, kisha naanza kwa kugusa kama bafu liko upande wangu. Kwenye kitasa nafunga mpira wa pesa ili niujue mlango wangu korido nzima. Mama wa usafi namwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, arudishe kiti chini ya meza. Mapokezi wakimuuliza kijana, "Huyu anaitwa nani?" yeye hujibu, "Mwulizeni mwalimu, yuko hapa."

Siku ya kurudi kuna pengo moja zaidi. Langoni mwa uwanja wa Entebbe abiria hushushwa kukaguliwa kwa miguu na gari hupita peke yake na dereva. Usiyejua utajikuta umesimama kwenye foleni, mwenyeji wako anayeendesha akiwa ametangulia na begi. Kwa hiyo dereva anabaki na mzigo na kijana anashuka nami. Mara ya mwisho tulifika saa tatu kabla ya ndege, nikapigia shirika nikiwa mlangoni, na mhudumu akatoka kunipokea. Kijana hakuaga kwanza. Aliuchukua mkono wangu kutoka kwenye kiwiko chake, akauweka kwenye cha yule dada, akamwambia, "Atakushika yeye, usimshike." Kisha ndipo akaniaga.