Slaidi ya tatu ndiyo iliyonionyesha fangasi

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya cha wilayani, na kwa miaka mingi hadubini yangu imetumika zaidi kutafuta vimelea vya malaria na vya kifua kikuu. Kipimo cha kutafuta fangasi kwenye magamba ya ngozi kwa potasiamu haidroksaidi nilikuwa nimekifanya mara chache chuoni, kisha kikalala. Kilichoniamsha ni mama mmoja muuza samaki aliyeletwa maabara akiwa na ukurutu mkononi na kiunoni uliomsumbua kwa miezi mitatu. Alikuwa ameuziwa dukani tyubu ya dawa ya kupaka yenye mchanganyiko wa dawa tatu, mojawapo ikiwa ya kutuliza uvimbe, yaani steroidi. Kila akipaka, muwasho ulipungua; kila akiacha, ukurutu ulirudi ukiwa umepanuka.

Slaidi ya kwanza niliitayarisha kwa haraka. Nilikwangua katikati ya baka, mahali palipokuwa pekundu zaidi, nikatia tone la dawa ya kipimo, yaani potasiamu haidroksaidi, nikafunika na kutazama papo hapo. Sikuona kitu, nikaandika kwamba fangasi hawajaonekana. Majibu yale yakamrudisha kwenye tyubu ileile, na baada ya wiki tatu akarudi, baka la kiunoni likiwa limevuka hadi tumboni. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu niangalie tena, maana huu si mzio." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mwenye mwili alikuwa ameona kile ambacho mimi nilishindwa kukiona.

Mwenzangu mmoja mwenye uzoefu kuliko mimi alinishauri niipashe slaidi moto mpaka itokote, akidai kwamba ndivyo magamba yanavyoyeyuka haraka. Ushauri huo ulinigharimu slaidi ya pili. Maji yalikauka, dawa ikaganda na kuwa fuwele zinazong'aa, na pembezoni palipobaki na unyevu nikaona wavu wa mistari myembamba uliounganika vizuri sana. Nilifurahi, nikashika kalamu niandike kwamba fangasi wameonekana. Kilichonizuia ni kwamba mistari ile ilikuwa inafuata mipaka ya seli za ngozi kwa uaminifu mno, kama udongo uliojazwa katikati ya matofali, tena ilikuwa minene mahali pamoja na myembamba mahali pengine. Nikakumbuka kwamba uzi wa fangasi haujali mpaka wa seli: hukatiza juu ya seli moja na kuingia nyingine, ukiwa na upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Wavu ule ulikuwa mafuta yaliyonasa kati ya seli ambazo dawa haikupata muda wa kuzilainisha, na anayeharakisha kipimo hiki ataukuta mara nyingi.

Kwa hiyo nilimwomba mama aache kabisa tyubu kwa wiki moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa pia na dawa ya fangasi inayoweza kupunguza nyuzi za kuonekana. Aliporudi nilisafisha baka kwa spiriti ya asilimia 70, ili kuondoa mafuta ya krimu yanayotengeneza matone ya duara ya kudanganya. Nilitumia shashi badala ya pamba, kwa sababu nyuzi za pamba zikibaki kwenye ngozi huonekana chini ya lenzi kama fangasi wakubwa wasio na mwisho. Spiriti ilipokauka, nilishika wembe wa upasuaji kwa kuulaza na kukwangua ukingo wa baka, pale ulipoinuka kidogo na kuwa na magamba, nikielekea nje. Fangasi wa ngozi husambaa kwa kwenda nje kama moto wa nyasi, kwa hiyo walio hai zaidi wako ukingoni, ilhali katikati huwa pamebaki majivu. Slaidi yangu ya kwanza ilikuwa imechota majivu.

Dawa nayo niliitengeneza upya kwa gramu 10 za potasiamu haidroksaidi katika maji safi yaliyochujwa, nikajaza hadi mililita 100. Anayetengeneza aitie dawa ndani ya maji kidogo kidogo, kwa sababu mchanganyiko hupata joto kali, na aihifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, kwani hula kioo polepole na huharibika ikikutana na hewa. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba sikuona haja ya kuomba fedha za ziada. Nilitia tone moja juu ya magamba, nikafunika, nikaiweka slaidi ndani ya kisahani chenye karatasi iliyoloweshwa maji ili isikauke, nikaiacha kwa dakika 15. Dawa hiyo hulainisha keratini ya ngozi mpaka seli zinakuwa angavu, lakini ukuta wa fangasi hustahimili, na ndiyo maana hubaki wakionekana. Nilipotoa slaidi nilikandamiza kioo cha juu taratibu kwa kitambaa laini, magamba yakatandazika, nikafuta dawa iliyochuruzika kando, kwa maana ikigusa lenzi huiharibu.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu kubwa kuliko yote, nalo lilitokana na mazoea ya malaria. Katika malaria tunapandisha kondensa juu na kufungua mwanga wote, kwa sababu vimelea vimepakwa rangi. Fangasi kwenye dawa hii hawana rangi. Ukiwamulika kwa nguvu wanapotea, kama chupa safi iliyozamishwa katika maji safi. Nilishusha kondensa, nikabana mwanga, nikaanza na lenzi ya 10, huku nikizungusha skrubu ndogo mbele na nyuma bila kuacha. Katika gamba la tano hivi kulitokea mstari wenye rangi hafifu ya kijani, uking'aa na kufifia kila nilipozungusha. Nilihamia lenzi ya 40, nikaona uzi ukikatiza seli nne, umegawanyika kwa pingili kama muwa, ukatoa tawi, na mwisho wake ukakatika vipande vilivyopangana kama shanga. Baada ya hapo niliona nyuzi kila mahali, jambo ambalo si la ajabu, kwa maana steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi na kuwapa fangasi nafasi ya kuzaliana.

Nilimwita mama atazame. Alifumba jicho moja, akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ni mizizi!"

Kwenye fomu niliandika kwamba nyuzi za fangasi zenye pingili na matawi zimeonekana. Sikuandika aina yake, kwa kuwa kipimo hiki hakiwezi kuitaja. Hiyo huhitaji kuotesha, na majibu yake huchukua wiki kadhaa. Vilevile siku hizi slaidi isipoonyesha kitu huwa ninakwangua tena sehemu nyingine ya ukingo kabla ya kutoa majibu. Tabibu alisimamisha steroidi, na kwa kuwa baka lilikuwa limeenea sana alimwandikia vidonge vya terbinafini pamoja na krimu ya fangasi pekee. Wiki chache baadaye nilikwangua tena kwenye alama iliyobaki kiunoni, nikatazama magamba yote kwa mwanga uleule hafifu, na hapakuwa na uzi hata mmoja.