Gramu 0.7: nilivyoacha kukagua mifuko kwa macho

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Juni 1, 2019, nilikuwa kwenye timu ya ukaguzi na nilijiandaa kwa vurugu. Haikuwa hivyo. Ile mifuko ya rambo yenye mikono miwili ilitoweka mezani mwa wauzaji ndani ya majuma machache, na kazi yetu ikawa kupita tu na kutazama. Mfuko wa plastiki wenye mikono ulikuwa kosa, bila kujali rangi, ukubwa wala unene. Muuzaji alijua, mnunuzi alijua, nami sikuwa na haja ya kubishana na mtu.

Urahisi huo haukuja kwa bahati. Mwaka 2006 nchi iliwahi kujaribu kuzuia mifuko myembamba tu, ile isiyofika mikroni 30. Kenya nayo ilizuia iliyo chini ya mikroni 30 mwaka 2007, kisha chini ya mikroni 60 mwaka 2011. Makatazo hayo hayakushika. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo mkaguzi alitakiwa atofautishe kwa kidole vitu viwili vyembamba kuliko unywele. Muuzaji akisema "huu ni ule mnene", umwambie nini? Kenya ilifanikiwa kuiondoa sokoni pale ilipoacha kuhesabu mikroni na kuizuia mifuko yote ya plastiki ya kubebea, Agosti 28, 2017.

Sasa nieleze tulipokwama sisi. Kanuni za 2019 ziliacha nafasi kwa vifungashio: plastiki ya kufungia dawa, vyakula vilivyosindikwa, mazao, bidhaa za viwandani. Hilo lilikuwa la lazima. Lakini haukupita muda tukaanza kuona mifuko myeupe inayoonyesha ndani, haina mikono wala maandishi, mnunuzi anafunga fundo juu na kuibeba kama rambo. Kwa jina ni kifungashio, kwa kazi ni kibebeo. Mwaka 2021 serikali ilitoa amri ya kuiondoa, na jambo tulilolishika kwenye ukaguzi likawa lakiri: kifungashio halali kinafungwa na mwenye bidhaa na kina maelezo yake. Mfuko mtupu unaosubiri kujazwa mezani mbele ya mnunuzi hauna hayo. Kipimo hicho kilikuwa kizuri kwa sababu nacho kinaonekana kwa macho.

Kilichonitesa ni mifuko mbadala. Ile inayofanana na kitambaa, yenye vidoa vidogo vilivyobonyea, wengi huidhani ni nguo. Ni polipropilini, aina nyingine ya plastiki, iliyovutwa nyuzi na kugandamizwa kwa joto. Iliruhusiwa kwa sharti kwamba uzito wake usipungue gramu 70 kwa mita moja ya mraba, ndiyo GSM 70 unayoisikia, ili mtu aweze kuutumia mara nyingi. Chini ya hapo unachanika safari ya kwanza au ya pili, unatupwa, na nyuzi zake zinasambaratika hata kuziokota haiwezekani. Yaani tulikuwa tumerudi kulekule kwenye mikroni. Kosa limefichwa ndani ya namba ambayo jicho haliioni.

Siku moja nilichukua mifuko kwa mama mmoja mwenye meza ndogo kwa kuwa niliiona laini mno. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, umejuaje?" Sikuwa na jibu. Alinionyesha mfuko wenyewe, umechapwa "70 GSM" kwa wino wa kijani. Ofisini nilipoandika maelezo ya ukamataji nilifika kwenye kipengele cha sababu nikakaa nacho muda mrefu. Mifuko ile niliirudisha kesho yake. Nilijua moyoni kwamba ilikuwa mibovu, lakini faini ya muuzaji inaanzia shilingi 100,000, na sikuona haki ya kumtwisha mtu mzigo huo kwa hisia za vidole vyangu.

Ndipo nilipokaa na hesabu. Kipande cha mraba chenye sentimita 10 kwa 10 ni sehemu moja ya mia ya mita ya mraba. Kwa hiyo uzito wake kwa gramu, ukizidisha kwa 100, ndiyo GSM yake. Mfuko halali unatakiwa utoe kipande chenye gramu 0.7. Mizani ya dukani haiwezi kusoma uzito huo, ila mizani ndogo ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01, inaweza. Nikainunua, nikakata na kipande cha kadibodi cha sentimita 10 kwa 10 kiwe kielelezo.

Kwanza nilipima mfuko mmoja wa wino wa kijani niliokuwa nimeulipia. Kipande kilisoma 0.38. Gramu 38 kwa mita ya mraba, nusu tu ya kilichoandikwa, na kidogo juu yake.

Nilijifunza mengine kwa kukosea. Usikate penye mshono wala karibu na mkono, kwa sababu pale kitambaa kimelala mara mbili na namba itapanda. Usikate penye maandishi makubwa, wino una uzito wake. Kipande kimoja hakitoshi pia, maana kitambaa hiki hakina unene sawa kila mahali. Mimi nilikata vipande kumi kutoka mifuko mitano tofauti ya furushi moja, nikavipima vyote pamoja. Vikifika gramu 7, furushi limepita. Vikisoma 6.8 siwezi kumkamata mtu, kwa sababu kosa langu la mkasi linaweza kuwa kubwa kuliko upungufu huo. Vikisoma 4, hakuna mkasi wa kusingizia. Hata hivyo, mizani yangu haikuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani. Ilinisaidia kujua sampuli ipi inastahili kufungwa, kutiwa saini na pande zote mbili na kupelekwa maabara.

Kupima kulibadili pia mahali pa kwenda. Ukikagua kwa macho unaishia kwa wenye meza, maana ndio wanaoonekana. Ukikagua kwa furushi, unauliza furushi limetoka wapi. Kanuni zenyewe zinamtoza mzalishaji au mwingizaji kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni moja, na mtumiaji aliyekutwa na mfuko kuanzia 30,000. Aliyeandika viwango hivyo alijua mzizi uko wapi, ila sisi tulikuwa tunapunguza majani. Furushi moja lisilokidhi, likizuiwa stoo, ni mamia ya mifuko ambayo haitafika kwa yule mama kabisa.

Nilirudi kwake. Nilimwomba radhi, nikaweka kadibodi juu ya mfuko wake, nikakata mbele yake na kumwachia asome mwenyewe: 0.39. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nauziwa nusu mfuko." Akanitajia stoo alikonunua bila mimi kumwuliza. Mzigo tuliopimia huko, vipande kumi, ulisoma gramu 3.9. Sampuli zilifungwa siku ileile na furushi zilizobaki zikazuiwa palepale zilipo.

Mama yule aliniomba kile kielelezo cha kadibodi. Nilimkatia kingine. Sasa kabla hajanunua furushi anaomba kipande, anakikunja mfukoni na kwenda kwa sonara wa jirani kumwombea mizani dakika mbili.