Ujumbe wangu wa kwanza kwa meneja wa stoo

Nauza programu ya kusimamia stoo. Kwa muda mrefu ujumbe wangu wa kwanza kwa watu wa LinkedIn ulikuwa huu:

"Habari! Nimevutiwa na wasifu wako. Sisi ni timu ya wataalamu tunaotoa suluhisho la kisasa la usimamizi wa bidhaa. Je, una dakika 15 wiki hii tuzungumze?"

Niliutuma kwa watu ishirini na kitu. Akajibu mmoja: "Asante, tuna mfumo tayari." Wengine kimya. Siku moja nikaketi kuusoma kana kwamba nimetumiwa mimi, na aibu ikanishika. Nilidai nimevutiwa na wasifu wake bila kutaja hata jambo moja lililomo. Halafu nilikuwa naomba dakika 15 za mtu ambaye sijampa sababu ya kunipa hata moja. Na ningeweza kuutuma uleule kwa mhasibu, kwa mwenye duka la vipuri, kwa yeyote. Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia hadi leo: ukiweza kumtumia mtu mwingine ujumbe uleule bila kubadili neno, hilo ni tangazo, hata ukiliremba kwa salamu.

Nikaacha kutafuta watu kwa vyeo, nikaanza kusoma wanachoandika. Si machapisho yao wenyewe tu, maana wengi hawachapishi kitu. Nilikuta mengi zaidi kwenye maoni wanayoacha chini ya machapisho ya wengine. Kwenye wasifu wa mtu kuna sehemu ya shughuli zake, na humo maoni yake yanaonekana. Mtu akichapisha hujipanga, lakini akitoa maoni huongea kama alivyo kazini.

Ndivyo nilivyomkuta meneja mmoja wa stoo. Mtu fulani alikuwa amelalamika kwamba kila wakihesabu mali, idadi iliyo kwenye rafu hailingani na iliyo kwenye mfumo. Meneja huyu akamjibu kwa sentensi mbili: kosa haliko kwenye kuhesabu, liko kwenye mizigo inayoendelea kutoka wakati watu wanahesabu, wao siku hizi hufunga kutoa mizigo siku moja kabla. Nikajua huyu anaijua kazi. Nikajua pia kuna jambo hakuligusa, na mimi mwenyewe limenisumbua: mizigo inayorudi. Ukifunga mlango wa kutokea, wa kuingilia bado uko wazi, na wateja hawaachi kurudisha bidhaa kwa sababu wewe unahesabu.

Nikamwandikia hivi kwenye ombi la kuunganishwa:

"Habari za kazi, ndugu. Nimesoma ulivyosema mnafunga kutoa mizigo siku moja kabla ya kuhesabu stoo. Ile inayorudishwa na wateja siku hiyohiyo mnaiweka upande gani wa hesabu?"

Basi. Sikujitambulisha, sikuweka kiungo, sikuomba kikao. Herufi hazifiki 200 ukihesabu na nafasi, na huo ndio ukomo ambao akaunti ya bure hupewa kwenye ujumbe wa ombi. Awali ufinyu huo ulinikera. Baadaye nikaona umenisaidia, kwa sababu jina la kampuni na sifa zake ndivyo vitu vya kwanza kukosa nafasi.

Kuna atakayesema huko ni kumvizia mtu, kujifanya una swali kumbe una bidhaa. Nami niliwaza hivyo, na dawa niliyoipata iko nje ya ujumbe. Chini ya jina lako mpokeaji huona mstari unaoeleza kazi yako. Wangu ulikuwa umeandikwa "Nasaidia kampuni kukuza faida", maneno yasiyoshika chochote. Nikaandika "Natengeneza programu za stoo". Tangu hapo anayepokea swali langu anaona papo hapo nauza nini, sina haja ya kumtangazia wala ya kumficha.

Lakini kazi kubwa iko kwenye swali lenyewe. Mwanzoni nilidhani swali lolote linafaa, nikawa nawauliza watu: "Je, ungependa kupunguza upotevu wa bidhaa?" Hilo ni swali la mtego. Jibu lake ni moja tu, na anayeulizwa anaiona bei ikija nyuma yake. Swali la kweli ni lile ambalo mwulizaji hajui atajibiwa nini, na mwulizwaji analijua jibu bila kufungua faili. Nalipima hivi: anaweza kulijibu kwa simu akiwa amesimama mlangoni mwa stoo? Likihitaji aketi afikirie, ataliahirisha, na ujumbe ulioahirishwa ndio umezikwa hivyo.

Baada ya siku mbili alikubali ombi na kujibu: "Tunaiweka kwenye kona yenye wavu, kila mzigo na karatasi yake, tunaiingiza baada ya hesabu. Ila mwaka jana karatasi za wateja wawili zilichanganyika, tukahangaika wiki nzima."

Hapa ndipo zamani ningeharibu. Mtu akishataja maumivu yake, muuzaji mikono humwasha. Nikajizuia, nikamjibu kwa nilichokiona kwenye stoo nyingine: wao huandika saa ya kupokea kwenye karatasi na kwenye mzigo wenyewe, si tarehe peke yake, hivyo hata zikichanganyika zinatenganishika. Akanijibu, "Hiyo nzuri, kaka." Nikaona nimetoka kwenye ndugu nimeingia kwenye kaka. Kesho yake akauliza mwenyewe: "Kwani programu yenu inashughulikiaje marejesho?"

Nikamweleza bila kupamba. Inayatenga marejesho kwenye hesabu yake yenyewe mpaka uyakubali, lakini mpokeaji asipoyaingiza wakati mzigo unafika, haitamwokoa mtu. Tukazungumza kwa simu wiki hiyo, na safari hii aliyependekeza ni yeye.

Sivyo inavyokwenda kila mara. Kuna niliyemtajia jambo aliloandika miaka minne nyuma, akajibu, "Umefukua mbali sana." Alikuwa na haki, nilionekana ninamchunguza. Siku hizi sirudi nyuma zaidi ya miezi michache. Wako pia wanaokubali ombi bila kusema neno. Kwao husubiri kama wiki moja, nikaandika mara moja tu, tena nikiwa na kitu cha kuongeza kwenye swali lilelile. "Nakukumbusha ujumbe wangu" siandiki, kwa sababu hana deni langu. Asipojibu na hapo, namwacha. Na usikimbilie kuliondoa ombi ambalo halijakubaliwa ukidhani utalituma upya kesho lenye maneno mazuri zaidi: LinkedIn hukuzuia kumwomba mtu huyohuyo kwa hadi wiki tatu.

Tatizo jingine ni muda. Ujumbe mmoja wa namna hii hunichukua karibu nusu saa, na sehemu kubwa ni kusoma. Kwa siku siwezi kuandika mingi. Nilipojaribu kuzidisha, ile ya mwisho ilianza tena na "Nimevutiwa na wasifu wako."

Yule meneja hakununua. Mkataba wao na mfumo walio nao ulikuwa bado una mwaka mzima. Lakini miezi miwili baadaye nilipata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, msimamizi wa stoo ya dawa. Ulianza hivi: "Nimeelekezwa kwako. Sisi marejesho yetu mengine yanarudi yakiwa yamekwisha muda wa matumizi. Hayo huwa mnayaweka wapi?"