Sentensi moja inayoeleza biashara yetu: jinsi nilivyoipata

Kampuni yetu changa inaendesha chumba cha baridi kinachotumia umeme wa jua, kando ya soko la mboga. Maelezo yetu ya kwanza yalikuwa haya: "Sisi ni jukwaa bunifu la mnyororo baridi linalowawezesha wadau wa kilimo kuongeza thamani ya mazao." Ukimsomea mtu wa kituo cha daladala sentensi hiyo, atakuitikia kwa heshima na hatajua unauza nini.

Nilianza kwa kuchuja maneno. Kila neno nililipima kwa swali moja: je, kuna mfanyabiashara anayeweza kujinadi kwa kinyume chake? Hakuna anayetangaza huduma mbovu, kwa hiyo "bora" halimwambii msikilizaji lolote. "Bunifu" liliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Kisha nikabadilisha bidhaa: nilipoweka "bima" mahali pa "mnyororo baridi", sentensi bado ilisomeka vizuri. Sentensi inayokubali biashara yoyote haijaeleza biashara yako.

Baada ya hapo niliandika majibu ya maswali manne, kila moja kwenye mstari wake: nani analipa, anapata nini mkononi, anafanya nini sasa kabla hujafika, na bei ni ipi. Swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Chumba kinamfaa mkulima, mchuuzi na hata mwenye hoteli, lakini anayetoa hela jioni ni muuza nyanya ambaye hajamaliza mzigo. Ukiwataja wote watatu unarudi kwenye neno "wadau", na hakuna anayejiita mdau anapokuwa sokoni.

Toleo la pili likawa: "Tunawahifadhia wauza nyanya bidhaa zao kwenye baridi." Nikalipeleka kwa watu watano wasionijua. Namna ya kupima ni muhimu. Usimwulize mtu kama ameelewa, maana atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Soma mara moja tu, weka karatasi mfukoni, kisha uliza: "Kwa maneno yako, sisi tunafanya nini, na nani anatulipa?" Andika jibu kama lilivyotoka, bila kumsahihisha. Ukianza kufafanua, jaribio limeharibika, kwa sababu kwenye bango hutakuwepo kufafanua.

Wawili walidhani tunauza mafriji. Mmoja alidhani tunanunua nyanya na kuziuza wenyewe. Makosa hayo yalinionyesha palipopungua: "kwenye baridi" haikusema ni mahali gani, na hapakuwa na bei inayoonyesha kwamba mteja anakodi nafasi. Hivyo "chumba cha baridi hapa sokoni" kiliingia pamoja na shilingi 500 kwa kreti kwa siku. Kwa kawaida bei si lazima ikae kwenye sentensi. Kwetu ilikaa kwa sababu ndiyo inayotofautisha kukodi na kuuza.

Toleo la tatu lilianza na "Nyanya zako zikilala...", kwa kuwa wachuuzi husema mzigo umelala usipoisha siku hiyo. Wao walielewa papo hapo. Dereva wa bodaboda hakuelewa, na yeye ndiye atakayempelekea mchuuzi mwingine habari. Msamiati wa mteja unasaidia, ila ukibana sana unamfungia nje mpita njia. Nikaandika jambo lenyewe waziwazi:

"Nyanya usizomaliza kuuza leo, tunakutunzia kwenye chumba cha baridi hapa sokoni kwa shilingi 500 kila kreti kwa siku, uziuze kesho zikiwa bado ngumu."

Wote watano wapya waliieleza sawasawa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilijinadi kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Mitambo haikutajwa, kilichotajwa ni kile ambacho mtu alitaka kukifanya. Ndiyo maana umeme wa jua haumo kwenye sentensi yetu, ingawa ndio uliotugharimu zaidi.

Mwisho wa sentensi niliupima kwa ukweli. "Haziozi kamwe" ingevutia zaidi, lakini nyanya iliyopondeka itaoza hata kwenye baridi, na mchuuzi atakayeikuta imeoza atakuja na sentensi yetu mkononi kudai fidia.

Kulikuwa na pendekezo la kuandika "mazao" badala ya "nyanya" ili tupate wateja wengi. Nilikataa. Chumba chetu kiko kwenye nyuzi 12, kwa sababu chini ya 10 nyanya hupoteza ladha na zile ambazo hazijaiva vizuri hugoma kuiva. Mchicha unataka baridi kali zaidi ya hiyo, na kwenye nyuzi 12 utageuka manjano mapema. Siku tutakapokuwa na chumba cha pili, mchicha utaandikiwa sentensi yake na kupelekwa kwa watu watano wengine.