Tangi la ferosimenti la lita 10,000: hesabu ya nyavu na saruji kabla ya kupiga lipu

Zege la msingi limeshakomaa na nguzo za muda za kushikilia wavu zimesimama. Kabla ya kuchanganya karai la kwanza nimekaa na kalamu, maana ukuta wa ferosimenti ukishafunikwa na lipu huwezi tena kuongeza waya ndani yake.

Tangi ni la mviringo, kipenyo cha ndani mita 2.5. Eneo la sakafu linakuwa mita za mraba 4.91, kwa hiyo lita 10,000 zitafika kimo cha mita 2.04. Ukuta nimeupa mita 2.2 ili ibaki nafasi juu ya maji, na unene wa sentimita 4.

Swali la nyavu nimelianzia chini, kwa sababu huko ndiko maji yanakosukuma zaidi. Ukuta wa mviringo hauvunjwi kama ubao, bali unavutwa kama pete. Mvuto huo ni kina cha maji mara nusu ya kipenyo: 2.04 × 1.25 × 1,000, yaani kama kilo 2,550 kwa kila mita moja ya kimo cha ukuta. Chuma nimekipangia kilo 10 tu kwa milimita ya mraba. Ni kiwango cha chini kwa makusudi, kwani waya ukinyooka sana lipu inapata nyufa nyembamba na maji yanavuja hata kama waya wenyewe uko mbali na kukatika. Kwa hiyo nahitaji milimita za mraba 255 za chuma kinachozunguka tangi.

Weldimeshi yangu ina waya wa milimita 3 kila baada ya sentimita 5. Waya mmoja una milimita za mraba 7.07, na katika mita moja ziko 20, hivyo napata 141. Haitoshi chini. Nimeizungushia waya mwingine wa milimita 3 kila sentimita 5 katika mita ya kwanza kutoka sakafuni, na jumla imefika 282. Mita moja juu, kina cha maji kimebaki 1.04 na mahitaji yameshuka hadi 130, kwa hiyo kuanzia hapo weldimeshi inajitosheleza. Waya huo wa ziada ni kama mita 160, karibu kilo 9.

Wavu wa kuku nimeweka tabaka moja ndani na moja nje, na sikuuhesabu kabisa katika nguvu. Matundu yake ya pembe sita hunyooka yakivutwa. Kazi yake ni kushika lipu na kuzigawa nyufa ziwe ndogo mno zisipitishe maji. Kuna wanaopenda kurundika tabaka nne au tano wakidhani tangi litakuwa imara zaidi, lakini mota haipenyi hapo. Ukigonga ukuta mkavu utasikia mlio wa uwazi, na baadaye michirizi myeupe ya chokaa itajitokeza nje.

Sasa mota. Ukuta unakula mita za ujazo 0.70. Lipu ya sakafu ya sentimita 3 ni 0.15, paa la kuba la sentimita 3 ni 0.17, na pembe ya mviringo pale ukuta unapokutana na sakafu ni 0.04. Jumla 1.06, nikiongeza asilimia 15 ya inayodondoka, nafika 1.22, yaani lita 1,220.

Hapa ndipo watu wengi huishiwa saruji katikati ya kazi. Nachanganya kilo 50 za saruji na kilo 125 za mchanga mkavu, na lita 21 za maji. Kwa ndoo, saruji ni kama lita 35 na mchanga kama lita 83, kwa hiyo mtu anatarajia lita 118 za mota. Hazipatikani, kwa sababu saruji na maji huingia kwenye nafasi kati ya chembe za mchanga. Ujazo halisi ni lita 16 za saruji, 47 za mchanga na 21 za maji: 84 tu. 1,220 ukigawanya kwa 84 unapata 14.5, hivyo nimeweka mifuko 15. Kwa hesabu ya ndoo ningenunua 11.

Mchanga wangu una unyevu. Ukiwa na asilimia 4, zile kilo 125 zinabeba lita 5 za maji, kwa hiyo napima kilo 130 na kumimina lita 16 badala ya 21. Ndiyo sababu naupima kwa mizani: mchanga wa unyevu huvimba ndooni.

Kinachofuata ni kufunga sehemu weldimeshi zinapopandana, sentimita 20 kila kiungo, viungo vikipishana na vya wavu wa kuku. Kisha koti la kwanza kutoka ndani, msaidizi akishika ubao upande wa nje ili mota ijae wavuni badala ya kupitiliza.