Chapati iliyogeuka usukani

Kuna filamu fupi tulifanya Tanga, ya mama anayeuza chapati na mwanae anayeendesha lori Maskati. Hela ya chapati ndo ilimlipia yule kijana shule ya udereva, na hilo kwangu ndo lilikuwa moyo wa filamu nzima, ila hakuna mtu anayelisema kwa mdomo. Dairekta alitaka tutoke kwa mama kwenda kwa kijana kwa kupani haraka, kamera inachapa pembeni picha inakuwa ukungu afu tunaibukia Maskati. Nikamwambia kaka, hiyo inamwambia mtazamaji "na huku muda huuhuu", sisi tunataka kusema hiki kimezaa kile, na kati yake miaka imepita. Nikaomba tuyeyushe chapati inayozungushwa kwenye chuma iwe usukani unaozungushwa.

Rafiki yetu wa Maskati akatupigia ile shoti kwa simu. Kamera haikuweza kukaa juu ya usukani, paa la lori lipo chini mno, kwahiyo alishutia begani kwa dereva na usukani ukatoka kama yai, wakati chuma chetu tulikishuti kutoka juu kabisa kikawa duara kamili. Nilipoziweka moja juu ya nyingine kwenye taimlaini, ya juu opasiti 50 ili ya chini nayo ionekane, zikaonekana kingo mbili zinazogombana. Ukivuta picha moja ifanane na nyingine, vidole vya mama navyo vinarefuka, mtu anaona hata kama hajui anaona nini.

Tukarudi kwa mama. Shikamoo mama, tunaomba chapati tena. Safari hii niliweka trai podi nyuma ya bega lake, simu mkononi ina fremu ya ule usukani, nikawa nashusha kamera mpaka chuma kikawa yai lilelile, lenye kimo kilekile kwenye fremu, afu nikamwomba aizungushe chapati kuelekea kulia maana kijana anakata kona kulia. Mikono ikienda tofauti jicho linaacha kufuata umbo, linaanza kuhesabu picha mbili.

Kwenye kuhariri, fremu 12 za kuyeyusha zilikuwa chache, ilionekana kama mkato umekosewa. Tulikuwa kwenye fremu 25 kwa sekunde, nikaenda hadi 50, sekunde mbili nzima, na sauti ya mafuta yanayokaanga nikaiacha iendelee chini ya mlio wa injini kidogo hivi. Tukamwonyesha jirani asiyejua stori, bila kumwelezea kitu. Akauliza, "Kumbe huyo dereva ndo mwanae? Chapati ndo zimempeleka huko?"

Ile pani ya haraka hatukuitupa, tuliipeleka kwenye sini ya simu, mama na mwanae wanaongea usiku mmoja. Pale muda huuhuu ndo maana yenyewe, kamera zote mbili zikachapa kulia kwa kasi ileile na mkato ukakaa katikati ya ukungu.