Mtihani wa mdomo wa mikorosho
Jana usiku hapa Mtwara nimejiandaa na mtihani wa mdomo wa magonjwa ya mikorosho, nikachukua noti za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, kila kichwa nikakigeuza swali, halafu chini yake nikaandika "kwa nini?" maana mwalimu wetu haishiagi swali la kwanza. Dada akawa ananiuliza. Salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga inapulizwa saa ngapi? Alfajiri. Kwa nini? Hapo nikakwama kabisa, na nikisoma kimoyomoyo naonaga najua! Nikarudi kwenye noti, kumbe muda ule upepo umetulia na umande unafanya unga ushike kwenye majani na maua. Nimelirudia jibu mara tatu bila karatasi, sasa linatoka kwa maneno yangu mwenyewe.